Vikosi Vinne na Sabato ya Mzee Ndihokubwayo

Béatha hakuwa mtu wa makuu. Alizaliwa Bukoba, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akarudi Rwanda akiwa msichana, na kwa miaka mingi alikuwa mpanga zamu katika kiwanda cha chupa huko Masoro. Kazi yake watu huikumbuka pale tu inapoharibika. Aliipenda kwa sababu ilikuwa na jawabu: ama kila saa ina mtu wake, ama haina.

Tanuri la kioo halizimwi. Likipoa, kioo huganda ndani yake na tanuri huharibika. Kwa hiyo mashine za chupa hufanya kazi Krismasi, Idi, na hata asubuhi ile ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, ambapo mji mzima umeshika majembe. Awali vikosi vitatu viligawana siku kwa saa nane nane. Hesabu yake ilikuwa ya kikatili, saa hamsini na sita kwa kila mtu kila juma, na watu walivumilia kwa desturi waliyoiita kubebana: nibebe leo, nikubebe kesho. Mzee Ndihokubwayo, Msabato, fundi wa mashine ya pili, hakufanya kazi tangu jua la Ijumaa linapotua hadi linapotua la Jumamosi. Sangwa, Mkatoliki mwimbaji wa kwaya, alimbebea Sabato. Naye Mzee akambebea Jumapili. Waliishi hivyo miaka kumi na mmoja bila kuandikiana neno.

Kisha meneja mpya, Rodney, aliyekulia Kampala, akaamuru vikosi viwe vinne.

Béatha alipanga mzunguko wa siku nane: siku mbili za mchana, mbili za usiku, nne za mapumziko. Zamu zilibadilishana saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, na kila kikosi kilianza siku mbili baada ya kile kilichokitangulia. Hivyo kila saa ilikuwa na kikosi kimoja kazini, na wastani ukashuka hadi saa arobaini na mbili kwa juma. Kwa kuwa siku nane haziingii sawasawa katika juma la siku saba, kila zamu ilisogea. Hakuna kikosi ambacho kingebeba Jumapili zote peke yake.

“Haki tupu,” alisema Rodney, akiutazama mchoro wa zamu ukutani.

Haki hiyo iliangukia nusu ya Sabato za Mzee Ndihokubwayo.

Alimjia Béatha siku mchoro ulipobandikwa, kofia mkononi.

“Mwanangu, hii rangi nyeupe ni mapumziko?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Basi niwekee Sangwa kwenye nyeupe yangu. Nikifanya kazi yeye apumzike, nikipumzika yeye afanye. Tutabebana kama zamani. Nikikosa hilo, sina budi kuondoka, na katika umri huu nani ataniajiri?”

Béatha aliona ombi hilo ni jepesi. Alimweka Mzee katika kikosi cha kwanza na Sangwa katika cha tatu, vikosi viwili vilivyokabiliana kama mchana na usiku. Alimwendea Rodney, naye akatoa kibali shingo upande.

“Kwa jina lako, Béatha,” alisema Rodney. “Ikiharibika, ni wewe.”

Jumamosi ya kwanza ilikwenda vizuri. Sangwa alikuja amelala vya kutosha, akimtania kila mtu. “Leo mimi ni Msabato wa kukodi!” alipiga kelele penye mashine. “Ombeni nisiingie mbinguni kwa mlango usio wangu!” Béatha alicheka, na moyo wake ukatulia.

Kosa lilikuwa katika ile rangi nyeupe. Kikosi kinachomaliza usiku wake wa pili hutoka saa kumi na mbili asubuhi, na siku hiyo hiyo mchoro huihesabu kuwa ya kwanza ya mapumziko. Jumamosi iliyofuata, zamu zikiwa zimesogea, Mzee alipaswa kuanza mchana wake wa kwanza saa ile ile ambayo Sangwa alikuwa anavua glavu baada ya usiku wa pili. Kwenye karatasi Sangwa alikuwa mweupe. Mwilini alikuwa na saa kumi na mbili za joto la tanuri.

Hakukataa. Msimamizi wa zamu alimwuliza kama ataweza, akajibu, “Mzee yuko kanisani tayari. Nimwite kutoka kwenye maombi?”

Saa nane mchana alikuwa akipaka mafuta kwenye kalibu, yale maumbo ya chuma yanayofunga na kufunguka kuipa chupa sura yake. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono huku mashine ikienda, na mkono hutoka kabla kalibu haijafunga. Wake ulichelewa. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Béatha alikwenda hospitali na matunda. Mkewe Sangwa, Mugeni, aliyapokea, akayaweka sakafuni bila kuyatazama.

“Wewe ndiye wa mchoro?”

“Ndimi, dada.”

“Mume wangu ameniambia siku ile alikuwa mapumzikoni. Mapumziko ya wapi hayo?”

“Mwache, mama watoto,” alisema Sangwa. Kisha akamgeukia Béatha, bila mzaha hata chembe. “Lakini ni kweli. Uliandika nimepumzika. Ungeniuliza.”

Béatha alirudi mezani, akapitia mzunguko wote. Jawabu lilikuwepo tangu mwanzo. Kwa kila zamu ya Sabato palikuwa na kikosi kilichokwisha kulala nyumbani na ambacho kingepata tena usingizi kabla ya kuingia kazini. Ila hakikuwa kimoja daima. Mzee alihitaji wabebaji watatu, mmoja katika kila kikosi kingine. Alilipeleka jawabu hilo kwa Rodney, Mzee akiwepo.

“Watu watatu, ili mmoja aende kanisani?” Rodney aliuliza.

“Hakuna atakayeunganisha zamu mbili, bosi. Nimehakiki mzunguko mzima.”

“Na ule wa kwanza hukuuhakiki?”

Béatha aliikunja karatasi ya mzunguko.

“Kubadilishana kumekwisha,” alisema Rodney. “Kila mtu na kikosi chake.”

“Usimsumbue bosi tena, Béatha,” Mzee alisema polepole. “Hata akikubali, nitamwomba nani? Nimtazame mtu mkono, nimwambie niazime?”

Mpangilio wenyewe ulimpa Mzee muda kidogo. Sabato tatu zilizofuata zilimkuta mapumzikoni, naye alizisali zote, akarudi kazini kila zamu bila kuchelewa. Béatha alitumia majuma hayo kumtafutia nafasi ya mchana, isiyo na Jumamosi, katika ghala. Akaambiwa ghala limejaa. Ijumaa ya nne iliangukia usiku wa pili wa kikosi cha kwanza.

Mzee alikuja langoni saa kumi na moja jioni, amevaa suti yake ya kanisani. Alimkabidhi Béatha kitambulisho na glavu.

“Nimekuja mapema ili uweke mtu,” alisema. “Mashine ya pili huvuta kushoto ikipata joto. Mwambie huyo atakayekuja.”

“Mzee, nisamehe.”

“Umepanga vizuri, mwanangu. Watu wanalala sasa. Hata Sangwa angelala, kama si mimi.” Alivaa kofia. “Jua linakwenda.”

Béatha alimwita Trinah, aliyekuwa akiba ya zamu, akamweleza habari ya kuvuta kushoto. Saa kumi na mbili kamili kikosi cha kwanza kiliingia, kikiwa na watu wake wote. Rodney alichungulia ofisini, funguo za gari mkononi.

“Usiku wa leo pana pengo?”

“Hakuna,” Béatha alijibu.

“Vizuri sana. Andaa nakala ya mpangilio huo, wenzetu wa kiwanda cha pili nao wanautaka.”