Kurasa Mbili Alizoziruka Atuganile

Atuganile alikuwa mtendaji wa kata, na watu wa kata yake walimwogopa kidogo, jambo lililonichekesha kila nilipomwona darasani. Mwanamke aliyeweza kuwanyamazisha wafugaji wawili wanaogombania malisho alikuwa akikaa kwenye kiti cha wanafunzi huku goti lake likicheza lenyewe. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Somo la mifumo ya uchaguzi lilikuwa limemwangusha mara mbili, na chuo chetu hakina mchezo katika hilo: ukianguka mara ya tatu katika somo la lazima unaondolewa, na miaka yako yote minne inakwenda na maji.

Mimi naitwa Enoka. Nashughulikia nyaraka za malori mpakani Tunduma, na kila Jumamosi nilipanda gari hadi Vwawa, ambako chuo kilikodi madarasa ya shule moja ya sekondari. Nilikuwa mwanafunzi wa kawaida. Nilijua kupita mtihani kama ninavyojua kupita kizuizi: usiseme zaidi ya ulichoulizwa.

Kazi tuliyopewa muhula ule ilikuwa fupi kwa kuitazama. Dokta Gwakisa, mhadhiri wetu, alitugawia kitini cha kurasa ishirini na sita, akasema kila mtu akifupishe kwenye ukurasa mmoja wenye safu tatu: aina za mifumo, mifano, na athari kwa uwakilishi wa vyama. Kisha tungesimama mmoja mmoja kuutetea ukurasa wetu.

"Ukiacha jambo nakukata alama tano," alisema. "Ukiandika uongo nakukata ishirini. Mtu asiyejua anaweza kufundishwa. Anayejua kitu ambacho hakipo, huyo ananitisha."

Atuganile aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake na kuyapigia mstari. Niliona kalamu ikitoboa karatasi.

Alhamisi nilimfuata ofisini kwake Ihanda tufanye kazi pamoja. Nilimkuta amefunga mlango na ameshapiga mistari ya safu kwa rula, imenyooka kama ya rejista. Safu ya kwanza na ya pili zilikuwa zimejaa. Ya tatu ilikuwa nyeupe kabisa.

"Hii mbona tupu?" nikamuuliza.

"Kaka Enoka, mimi ni mtumishi wa umma. Naandikaje kwamba mfumo fulani unakipa chama kikubwa viti vingi kuliko kura zake? Karatasi ikiokotwa?"

"Si wewe unayesema. Kitini ndicho kinachosema."

"Mwandiko ni wangu."

Sikucheka. Mimi mwenyewe sipendi jina langu likae karibu na neno chama. Nje watu walikuwa wakisubiri barua za utambulisho. Mwishowe yeye mwenyewe akapata njia. Alichukua karatasi chakavu akaandika vyama vitatu visivyo na majina: A, B na C. Tuseme kuna majimbo kumi, akasema, na katika kila jimbo A kinapata kura arobaini kati ya mia, B thelathini na tano, C ishirini na tano. Anayeongoza hushinda. Basi A kinazoa majimbo yote kumi, na watu sitini kati ya mia hawana chama chao bungeni.

"Sasa chukua uwiano," akaendelea, na sauti yake ikaanza kutulia. "Kura zilezile, viti kumi vilevile. A vinne. B na C wanagawana sita vilivyobaki, kwa hesabu yoyote ile hawakosi. Hakuna mwenye nusu, lazima wazungumze."

Nilimtazama kwa heshima mpya. Alijaza safu ya tatu akiwa anasema kwa sauti. Wa kwanza mfumo wa wingi wa kura: wabunge wa majimbo kwetu, na wabunge wa majimbo ya Zambia ng'ambo ya mpaka, vyama vikubwa hunufaika, vidogo vyenye kura zilizotawanyika huumia. Kisha mfumo wa zaidi ya nusu: urais wa Zambia, ambako asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, uchaguzi hurudiwa kati ya wawili wa juu, hapo vyama hulazimika kutafutana. Kisha uwiano: Namibia na Afrika Kusini, viti hukaribiana na kura na vyama vidogo huingia. Mwisho mseto: Lesotho, majimbo themanini na viti arobaini vya fidia kwa chama ambacho majimbo yamekipunja.

Chini kabisa akaongeza nchi yetu kwa mara ya pili, kwa sababu ya viti maalum vya wanawake bungeni. Aliandika bila kufungua kitini: vyama hugawiwa viti hivyo kufuata idadi ya majimbo ambayo kila kimoja kimeshinda, chama kisicho na jimbo hakipati kiti.

"Hufungui kitini kuangalia?" nikauliza.

"Kurasa za Tanzania nimeziruka. Nimesimamia uchaguzi kwenye kata hii mara mbili, Enoka. Niangalie nini?"

Mimi kwenye ukurasa wangu, mbele ya Tanzania, niliandika "majimbo" nikaweka nukta. Kuhusu viti maalum sikuandika neno. Sikuwa na uhakika, na mahali nisipokuwa na uhakika huwa napita kimya.

Karatasi zilikusanywa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Dokta Gwakisa alizirudisha zikiwa na alama za penseli juu, akaeleza kwamba alama hizo zinaweza kupanda au kushuka kulingana na utakavyosimama. Ya kufaulu ilikuwa arobaini. Atuganile alikuwa na sitini na moja.

Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Nilidhani angelia. Ukurasa wake ulikuwa safi kuliko wote, hata wenzetu wa nyuma wakaomba waupige picha kwa simu, maana mtihani wa mwisho ulikuwa wiki mbili mbele. Nilihesabu simu saba. Aliwaachia, akitabasamu kwa aibu.

Alikuwa amepangwa wa nne kusimama. Kwa kutafuta la kufanya na mikono, alifungua kitini kwenye zile kurasa mbili alizoziruka. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, nikamwona anasoma, anarudi juu, anasoma tena. Akanisogezea kitini na kuweka kidole chini ya mstari.

Viti maalum vya bungeni, mstari ulisema, hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo kila chama kimepata nchi nzima, kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia tano ya kura halali. Kura, si majimbo. Chama kinaweza kukosa jimbo hata moja na bado kikapeleka wanawake bungeni.

Nikaelewa alikopotelea. Alichokiandika ni utaratibu wa viti maalum vya udiwani, ambavyo hufuata kata ambazo chama kimeshinda katika halmashauri. Hilo alilijua vizuri, orodha alikuwa ameziona kwa macho yake zikibandikwa. Akauchukua utaratibu wa halmashauri akaupandisha mpaka bungeni. Asiyefanya kazi kama yake asingeweza kukosea hivyo.

Hesabu niliifanya haraka kuliko yeye. Sitini na moja kutoa ishirini ni arobaini na moja. Na hapo bado hajasimama, bado hajaulizwa swali hata moja. Akiteleza kidogo tu, amekwisha.

"Nyamaza," nikamnong'oneza. "Hajaona. Ameshaweka alama."

"Watu saba wamepiga picha."

"Watajua wenyewe. Nyamaza, dada yangu."

Alitoka kwenda chooni, akarudi, akatoka tena. Aliporudi mara ya pili uso ulikuwa na maji na kola ya blauzi imelowa. Nilimwogopea kweli. Nilikuwa namwombea anyamaze. Nasema ukweli, nilimwombea hivyo.

Alipoitwa alisimama mbele ya ubao. Dokta Gwakisa akamwambia aanze. Hakuanza.

"Mwalimu, samahani. Kabla sijatetea ukurasa huu, mstari wa mwisho si kweli."

Mhadhiri akavua miwani, akauomba ukurasa, akasoma. Alikaa nao muda mrefu.

"Niliusoma huu," alisema hatimaye. "Nikaupita."

"Ndiyo, mwalimu."

"Unaijua kanuni yangu."

"Naijua." Akalitazama darasa. "Niliandika utaratibu wa madiwani. Wenzangu wameupiga picha, wataubeba mtihanini."

"Basi tuoneshe tofauti yake. Ubaoni. Ukikosea na hapo, unajua."

Mkono wake ulivunja chaki mara ya kwanza. Akachukua kipande. Akarudi kwa A, B na C wake wa Alhamisi, majimbo yote kumi mikononi mwa A. Ukigawa viti maalum kwa majimbo, aliandika, vyote ni vya A, na bunge linakuwa la chama kimoja. Ukigawa kwa kura, vyama vyote vitatu vimepita asilimia tano: kwa kila viti ishirini, A vinane, B saba, C vitano. Alijumlisha kwa sauti, polepole, kama mtu anayevuka daraja la miti. Ishirini. Kisha akageuka, akasema kwamba kwa hiyo viti hivyo vinapunguza kidogo upungufu ambao majimbo yameuleta, lakini haviufuti, kwa kuwa viti vya majimbo ni vingi zaidi na A bado kinavyo vyote.

Mhadhiri alimwuliza maswali mawili kuhusu Lesotho. Alijibu akiwa ameshikilia ukingo wa meza. Kisha penseli ikafuta sitini na moja, na peni nyekundu ikaandika arobaini na moja.

"Umefaulu," alisema Dokta Gwakisa. "Kaa."

Alikaa. Wale saba walikuwa wanafuta picha kwenye simu zao, na hakuna aliyemwangalia.

Mimi nilisimama baada ya wawili. Dokta alinikata alama tano kwa kuacha viti maalum, akaniuliza kwa nini niliviacha, nikasema nafasi haikutosha. Nilipata hamsini na nane.

Tulitembea pamoja kwenda stendi ya Vwawa, yeye kurudi Ihanda, mimi Tunduma. Alikuwa amenunua soda na hakuweza kuinywa, aliibeba tu. Aliniambia kwamba angeondolewa chuoni asingejua aanzie wapi kuwaeleza nyumbani, na kwamba pale ubaoni masikio yalikuwa yameziba, hata swali la pili la Lesotho alilisoma kwenye midomo ya mwalimu.

Gari lake lilipofika akaweka mguu mlangoni, akanigeukia.

"Enoka, ungekuwa wewe, ungesema?"

"Ningesema," nikamjibu.

Akainamisha kichwa kwa shukrani, akapanda. Aliniamini.