Madawati ya Ghorofa ya Tatu

Nilimchukia kwa miaka mingi, na chuki yenyewe niliitunza kama panga: niliinoa, nikaifunika, nikangoja. Tulikuwa wachomeleaji katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, mimi nikiwa mnyapara. Wafanyakazi walipogoma, alikwenda kwa meneja akasema mimi ndiye niliyewachochea. Nilifukuzwa, naye akapewa nafasi yangu. Alivaa hata koti langu la kazi, bila kubadilisha vifungo.

Uzeeni nikawa mtunza stoo wa shule ya kanisa upande wa Makongeni. Yeye alikuwa na karakana yake Baba Dogo. Shule ilipohitaji madawati, kamati ilinituma niandike barua za kuomba bei kwa mafundi wanne. Kazi hiyo niliijua vizuri. Barua huwa ni moja tu kwa wote: unene uleule wa bomba, mbao zilezile, idadi ileile, mahali pamoja pa kuleta, siku moja ya kufunga kupokea bei. Ukigeuza kimoja, bei haziwezi kulinganishwa tena.

Jina lake nililipendekeza mimi. Mzee mmoja wa kamati, aliyejua habari zetu, akanishika mkono na kunisifu kwa moyo wa kusamehe. Nikatabasamu. Nilitaka aje, apige hesabu, atumaini, kisha aanguke.

Barua tatu zilisema madawati yaletwe stoo, kama kawaida yetu. Wanafunzi huyapandisha wenyewe. Yake ilisema ayafikishe madarasani, ghorofa ya tatu. Nilijua atalazimika kuongeza gharama ya wabebaji na bei yake itapanda. Mwalimu mkuu alisoma barua ya juu, akazitia sahihi zote. Usiku huo nilikula ugali kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu nifukuzwe.

Siku chache kabla ya kufunga, alikuja shuleni. Hakuja kwangu, alikwenda moja kwa moja ofisini, nami nikaitwa.

“Madam,” alikuwa akisema, “ngazi zenu zina upana gani? Dawati zima litapita kwenye kona?”

Mwalimu mkuu akanitazama. Nikasema nilionelea fundi ayapandishe mwenyewe, wanafunzi wasiumie. Akakubali, kisha akatamka sheria ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha: mmoja akiuliza, jibu huandikwa na kupelekwa kwa wote.

Ningeweza kukiri pale pale. Badala yake niliandika barua ya pili kwa mafundi wote, ikiwa na upana wa ngazi na ghorofa ya tatu, siku ya kufunga ikasogezwa mbele kwa wote sawa. Kwa mkono wangu mwenyewe nikamsawazishia uwanja.

Fundi mmoja, mama mjane mwenye karakana ndogo ya vijana wawili, alikuwa ameshaleta bahasha yake. Nilimrudishia ikiwa bado imefungwa.

“Ghorofa tena, mzee?” akauliza. “Si mlisema stoo?”

Nikamwambia mambo yamebadilika. Alilazimika kuleta bahasha nyingine, ameongeza bei ya wabebaji.

Bahasha zilipofunguliwa mbele ya kamati, adui yangu ndiye aliyekuwa na bei ya chini kuliko wote, akapewa kazi. Alitengeneza madawati ya kufungwa kwa bolti, vipande vikapanda ngazi mabegani mwa wanawe, wakaviunga juu kule kule. Nilipita na kipimo cha bomba nikitafuta hata wembamba wa ukucha. Sikupata. Nikalazimika kuandika kwamba nimepokea kazi nzuri.

Alifuta mikono kwa kitambaa, akasimama karibu nami.

“Ghorofa niliandikiwa mimi peke yangu, sivyo?”

“Ndiyo.”

“Nilijua, wenzangu waliandikiwa stoo. Ndiyo maana nikaenda kwa madam.” Akacheka kidogo. “Kupandisha sikutoza hata shilingi. Vijana ni wangu. Bei ingekuwa ileile hata stoo.”

Nilitamani kumpiga. Hata sasa, nikilikumbuka lile cheko, vidole vyangu hujikunja.

Lakini yule mama alipokuja kuuliza kwa nini ameshindwa, nilimwonyesha bei iliyoshinda. Akatoa mkobani ile bahasha ya kwanza, akaipasua mbele yangu. Bei yake ya stoo ilikuwa chini ya ile iliyoshinda.

“Basi ilikuwa yangu,” akasema. “Wale vijana nimewaambia watafute kazi kwingine.”

Nilimweleza yote, kisha nikaenda kumweleza mwalimu mkuu. Kazi ya stoo ikaishia hapo, na ilistahili kuishia. Lakini madawati yalikuwa tayari yako juu, na karakana ya yule mama ilifungwa.

Adui yangu bado anachomelea Baba Dogo. Panga nililolinoa miaka yote halikumgusa. Lilimkata mama aliyeniita mzee kwa heshima, na kwa hilo siwezi kumlaumu mtu mwingine.