Kilo Sitini na Mbili Kamili, Mara Kumi na Tatu

Zubaida alizaliwa Awasse, akasomea uuguzi katika mji wa Pemba, Msumbiji, na akarudi kaskazini kwenye vita kwa hiari yake, jambo ambalo wenzake walilihesabu kuwa wazimu. Kwa miaka mitatu alihudumia mashine nne za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo katika kliniki ndogo ya Palma, na katika miaka hiyo hakuna kitu kilichomchosha kama bosi wake, Custódio.

Custódio hakuwahi kumfunga mtu hata plasta. Alikuwa ametunza ghala la chakula kwenye kambi ya gesi ya Afungi, akahamia kliniki na tabia zake zote za ghala: kila kilichoingia na kilichotoka sharti vilingane. Kila mwisho wa mwezi alikusanya karatasi za vipindi vya wagonjwa, akatengeneza jedwali lenye rangi na kulibandika mlangoni, wageni wapate kulisifu. Nao walilisifu. Rangi zilikuwa nzuri.

Mizani ilikaa ofisini kwake, imefungiwa. Asubuhi aliitoa, wagonjwa wakapimwa kabla ya kuunganishwa na mashine, kisha akaifungia tena, maana zamu ya pili ilikuwa inasubiri viti. Uzito wa baada ya kipindi aliupata kwa kikokotoo: uzito wa asubuhi, toa maji yaliyotolewa na mashine.

"Hesabu ni hesabu, dona Zubaida," alimwambia. "Gunia likitoka ghalani huhitaji kulipima mara mbili."

"Mgonjwa si gunia, chefe. Gunia halinywi chai."

Mezani mbele ya Zubaida palikuwa na karatasi za mwezi mzima za Ancha, mama wa makamo kutoka kisiwa cha Macaloe. Uzito wake mkavu, yaani ule anaotakiwa kuwa nao maji yote ya ziada yakishatoka, ulikuwa kilo sitini na mbili. Jedwali lilionyesha kwamba aliufikia mara kumi na tatu kati ya kumi na tatu, bila gramu kuzidi wala kupungua. Presha yake baada ya kipindi ilibaki mia moja na sabini kwa tisini na tano, kana kwamba mwili wake haukulisoma jedwali. Safu ya mwisho ilidai kwamba kati ya kipindi na kipindi aliongezeka kilo mbili na nusu kwa wastani. Chini yake Custódio alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: mkaidi, anakunywa maji, nafasi yake apewe mwingine.

Ancha alisomewa maneno hayo akiwa kitini, bomba mkononi.

"Mwanangu," alimwambia Zubaida, "ninalamba barafu kama mtoto. Nikitolewa hapa, nitakwenda kuzikwa Macaloe. Nani kaniona nikinywa?"

Zubaida alijua nani kamwona, kwa sababu alimwona yeye mwenyewe. Kama wenzake waliosafiri tangu alfajiri, Ancha alikunywa kikombe cha chai na bakuli la uji akiwa mashineni. Mwishoni, maji ya chumvi yalipitishwa kwenye mirija kumrudishia damu iliyobaki humo. Vyote viliingia mwilini, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa.

Siku hiyo aliingia ofisini bila kubisha, akaibeba mizani. Kwa wiki mbili alimpima Ancha baada ya kila kipindi, mara sita, akiwa amejifunga kapulana, kanga yake ileile ya asubuhi. Siku ya kwanza Ancha aliingia na kilo sitini na nne nukta mbili, mashine ikatoa lita mbili na mililita mia mbili. Mizani ikasema sitini na mbili nukta saba, si sitini na mbili kamili za kikokotoo. Zile gramu mia saba ndizo Custódio alizoziita ukaidi.

Jedwali la mwezi alilitengeneza Zubaida mwenyewe. Palipopimwa aliandika, pasipopimwa aliacha wazi.

"Lina mashimo," alilalamika Custódio. "Jaza."

"Kwa nini? Kwa sababu ni aibu mashimo kuonekana?"

"Daktari Cosme hatapenda."

Daktari Cosme, aliyekuja kutoka Pemba mara moja kwa mwezi, alilisoma mstari kwa mstari. Kisha akaomba Ancha, aliyekuwa ndiyo kwanza anafunguliwa, apande mizani. Sitini na mbili nukta sita.

"Kwa hiyo anaongezeka kilo moja na gramu mia nane tu, si mbili na nusu," alisema. "Hajawahi kufika mkavu hata siku moja, nasi tunamlaumu kwa kiu." Akafuta maneno mekundu kwenye jedwali la mwezi uliopita, akaandika kwamba kuanzia Jumatatu chai, uji na maji ya mirija vijumlishwe katika maji ya kutolewa, polepole, huku presha ikipimwa kila nusu saa. "Anabaki."

Custódio alikohoa.

"Daktari, basi jedwali la mlangoni nilipake rangi gani?"

Zubaida alikuwa tayari amemshika Ancha mkono, anamshusha mizanini.