Wasifu Tulioumalizia Wodini

Wanaosema wasifu wa kazi ni karatasi tu hunikera. Wa rafiki yangu niliuandika mimi, kando ya kitanda chake wodini hapa Kisumu, na mpaka leo mtu akiniomba nimwandikie wake nasema nina kazi nyingi.

Tulikuwa tunamalizia mafunzo ya kazini pamoja katika maabara ya hospitali moja mjini. Yeye binti wa mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani, ufuoni Dunga, mimi wa Awasi, na sote tulisubiri mtihani wa bodi ndipo tupewe nambari ya usajili. Bila nambari hiyo huruhusiwi kutia saini jibu la mgonjwa, hata uwe hodari vipi. Na yeye alikuwa hodari. Alisoma slaidi za malaria huku akinimalizia umbea wa kwaya yao, na hakukosea.

Kila asubuhi, kabla ya kugusa damu ya mgonjwa, tulipitisha kwenye mashine damu ya kiwandani ambayo majibu yake yanajulikana. Tunaiita kontroli. Majibu yakitoka nje ya mipaka, kazi inasimama mpaka kasoro ipatikane. Wiki moja kontroli ziliisha na nyingine hazikuwa zimefika. Msimamizi akatuambia tutumie damu ya mmoja wetu aliye mzima, angalau tujue mashine haijapotea kabisa. Rafiki yangu akakunja mkono wa koti.

"Chukueni yangu," alisema. "Huyu wa Awasi anaishi na chai na mandazi, atawadanganya."

Chembe nyeupe zilitoka nyingi kupita kiasi, na zile za kugandisha damu zilikuwa chache mno. Tukacheka. Tukasafisha mashine, tukarudia, yakatoka yale yale. Msimamizi alikuwa ameshampigia fundi simu nilipotoa damu yangu, na hiyo ikatoka sawa. Hapo hakuna aliyecheka tena. Rafiki yangu mwenyewe alipaka tone lake kwenye kioo, akalitia rangi, akaketi kwenye hadubini. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaniachia kiti. Niliona chembe changa ambazo mpaka siku hiyo nilikuwa nimeziona vitabuni tu.

"Mashine iko sawa," alimwambia msimamizi. "Ambia fundi asikuje."

Ilikuwa saratani ya damu. Dawa zilimmaliza nywele na kumjaza vidonda mdomoni, na mtihani wa bodi ukafanywa akiwa amelazwa. Kisha hospitali moja ya binafsi ikatangaza nafasi za maabara, naye akanituma nije na kompyuta. Nilitaka kumwambia apumzike. Lakini alinitazama kana kwamba nikiandika tu atapona, na mimi, Mungu anisamehe, niliamini kidogo.

Akasema, nikaandika. Mafunzo ya kwanza, kituo cha afya Luanda Kotieno: malaria, na makohozi ya kifua kikuu. Ya pili, hapa mjini: hesabu ya damu, kemia, kulinganisha damu kabla ya kumwongeza mgonjwa. Kusajili sampuli na kutoa majibu kwa kompyuta. Ukaguzi wa ubora: kontroli na chati zake, joto la friji asubuhi na jioni. Kwenye usajili niliandika kwamba unashughulikiwa.

"Futa hiyo," alisema. "Sijafanya mtihani. Andika bado sijasajiliwa."

"Watakutupa nje hata hawajakuona."

"Wacha wanitupe. Mtu anapewa dawa juu ya jibu ya lab, na wewe unataka tuanze na uongo?"

Nilikasirika, lakini nikafuta. Nikamalizia mwenyewe ule mstari wa mwisho ambao kila mtu huweka, nikautuma. Alifariki kabla hatujajibiwa.

Mama yake alinijia siku chache kabla ya mazishi, akaniita nyathina, yaani mwanangu, kama alivyomwita yeye.

"Nyathina, ile karatasi ya kazi mliandika, iko? Mzee wa kanisa anataka kusoma maisha yake, na mimi siwezi kukumbuka mambo ya shule."

Nilimpa ilivyokuwa. Sikuwa na nguvu ya kuandika nyingine.

Mzee alisimama kando ya jeneza, akaisoma yote, mpaka joto la friji. Wauza samaki wa Dunga waliinamisha vichwa, wakasikiliza mambo ya kontroli na chati kama wanaosikiliza Neno. Akasoma kwamba bado hajasajiliwa. Kisha akafika kwenye ule mstari wangu, akausoma kwa sauti ile ile:

"Yuko tayari kuanza kazi mara moja."

Akaishusha karatasi. Nilitamani ardhi inimeze. Mama yake ndiye aliyemjibu, kutoka kwenye kiti chake.

"Ndiyo," alisema. "Huyo mtoto alikuwa tayari."