Homa Iliyopanda Jioni

Si kweli kwamba marehemu Zuberi, muuguzi wa Kisangani, alimtilia sumu mpiganaji aliyepasuliwa ngiri wakati wa uasi. Homa ya siku mbili za kwanza ilifika 37,9 ikashuka, kama kawaida baada ya kupasuliwa. Siku ya tano asubuhi ilikuwa 37,3, na kaka wa mgonjwa akataka kuondoka naye. Zuberi akaishuku karatasi ya vipimo: kwa sababu ya marufuku ya kutembea usiku, hakuna aliyepima jioni. Akabaki hadi jioni, akapima: 38,4. Kesho yake jioni ilikuwa 39, mapigo yakienda mbio.

“Papa, umemuchoma sindano gani?” kaka akafoka, bunduki mkononi.

“Mimi? Bon, tazama kidonda.”

Chini ya bendeji palikuwa pekundu, pamevimba. Daktari akafumua mshono, usaha ukamwagika, homa ikashuka. Mgonjwa alitoka akitembea.

Hayo ni maneno ya mjane wa Zuberi, na hatasema zaidi.