Wezi wa Safu ya Mtoni

Salesio Koome alikuwa na makao mawili, na kote alikuwa mgeni. Kwao Kanyakine, akishuka njia ya kwenda kwa mama yake, mazungumzo yalikatika kabla hajafika, maana huo ulikuwa mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, na kijana wa kaptura ya kaki anayelipwa na serikali haambiwi habari za watu. Anaamkiwa, anajibiwa kwamba wote ni wazima, basi anaachwa apite. Mjini Meru, kule Majengo, alikuwa Mkristo peke yake kati ya nyumba za Waislamu, na zaidi ya hayo alikuwa mtu wa koti, yaani wa mahakama. Nani atamwita mtu wa koti aje akae barazani?

Kazi yake iliitwa probesheni. Kijana akishikwa kwa kosa la kwanza, hakimu, badala ya kumfunga, alimkabidhi kwa Koome ili amtembelee, amtafutie kibarua na kumsemea. Ni kazi ya kupendwa na vijana na kuchekwa na wakubwa. Polisi walimwita Mama Wezi, na yeye alicheka nao, kisha akaenda kula chakula chake peke yake.

Mtu mmoja tu alimwita kwa jina: Bi Rahema, mwenye nyumba aliyompangisha chumba. Mama huyu alikuwa mjane, mshonaji wa kanzu. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na misafara akaishia Meru kwa sababu ya Mmeru mmoja mrembo, na Bi Rahema hakuchoka kusimulia uzuri wa mama yake huyo. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa Safu ya Mtoni, zile nyumba za udongo na mabati ya madebe zilizotelemka hadi majini. Kila jioni alisukuma kikombe cha chai dirishani mwa Koome na kusema, "Kunywa, mwanangu. Ukiwa mpweke na njaa pia, ni mambo mawili, na mimi naweza kuondoa moja."

Safu ya Mtoni ilikuwa na sifa mbaya. Kufuli zilivunjwa, kuku wakapotea na kamba zao, na mwaka ule Suleiman, mchinjaji na mzee wa mtaa, aliibiwa baiskeli mlangoni pa bucha lake mwenyewe huku akimpimia mteja nyama. Suleiman alikuwa mtu mwema, lakini baiskeli ni baiskeli. Alikwenda mbio kwa Bwana Shauri, yule afisa Mzungu aliyeshika mji, akasema wezi ni Waembu na Wambeere waliojaa kule chini, na mji hautalala mpaka wapakiwe kwenye malori warudishwe kwao. Wakati ule neno la namna hiyo halikuhitaji kurudiwa. Mkutano wa kamati ya usalama uliitwa, na Koome akaagizwa aje aeleze habari za vijana wake.

Koome alijua maana ya malori. Alijua kambi walizopelekwa watu kule Embu, na alijua kwamba wengi wa wapangaji wale hawajaiba hata kiazi. Akaona akinyamaza atakuwa amepakia lori kwa mikono yake.

Sasa, alipokuwa chuoni Kabete, mwalimu mmoja aliwahi kuwaeleza habari za mji mkubwa wa Marekani uitwao Chikago. Huko wataalamu walichukua ramani wakaweka nukta kwenye nyumba ya kila kijana aliyefikishwa mahakamani, miaka mingi mfululizo. Wakakuta ajabu. Mitaa ile ile maskini ya katikati ndiyo iliyojaa nukta, ingawa watu wake walikuwa wamebadilika kabisa: walitoka wa taifa hili wakaingia wa taifa lile, na wale waliotoka, walipotulia mitaa mingine, vijana wao wakapungua mahakamani. Koome alikuwa ameyaandika hayo na kufaulu mtihani, kisha akayasahau kama tunavyosahau vyote tulivyofaulia mitihani.

Yakamrudia. Akachora Majengo kwenye mfuko wa saruji uliopasuliwa, akaomba maharagwe kwa Bi Rahema. Meusi yakawa ya vijana wa kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakati Safu ya Mtoni ilipojaa wapagazi wa Kikamba. Mekundu yakawa ya baada ya vita, walipopanga Watharaka. Meupe yakawa ya sasa. Alipomaliza, rangi zote tatu zilikuwa zimelundikana mahali pamoja, chini kule mtoni.

"Umenimalizia chakula cha jioni," Bi Rahema alisema, akiinama kutazama. Kisha akayafuata kwa kidole. "Lakini ni kweli. Wakati wa Wakamba tulisema Wakamba ndio wezi. Wakaondoka. Tukasema Watharaka. Hata mimi nilisema, Mungu anisamehe."

"Na Safu ya Juu, mama? Huko msikitini ni maskini vilevile. Wanakula mara moja kwa siku kama huku. Mbona maharagwe ni mawili matatu tu?"

Bi Rahema akacheka. "Kule? Kijana wa Kibibi akiokota jiwe, kabla hajalirusha mama yake keshasikia. Watu wamekaa pamoja tangu mimi sijaolewa. Mtoto wa mwenzio unamchapa, na mama yake anakushukuru." Akakaa kitako kwenye mkeka. "Hapa pia nilikuwa na desturi. Mpangaji mpya akija, nilimshika mkono nikampitisha mlango kwa mlango: huyu ni fulani, ametoka pahali fulani, mtoto wake ndiye huyu. Siku hizi pasi ya kukaa mjini ni ya mwezi au miezi miwili, kisha anaondolewa, anakuja mwingine. Nikijua jina, mwenyewe hayupo. Juzi nimeona mtoto akichokonoa dirisha la jirani. Ningemkemea, lakini nikajiuliza, je, kama ni dirisha la kwao? Sikumjua."

Koome aliacha kuandika. Hapo ndipo alipoelewa kile mwalimu alichokuwa akikisema miaka ile: kwamba umaskini peke yake hauvunji kufuli. Umaskini huwafanya watu wapange mahali pa bei rahisi na kupakimbia mara tu wapatapo nafuu, na palipo na kuja na kuondoka kila siku, na ndimi zisizoelewana, hakuna anayemjua mwenzake kiasi cha kumkemea mtoto wake. Wezi hapo ni wachache kama mahali pengine. Kinachokosekana ni wa kuwazuia.

Siku ya mkutano alivaa koti lake. Bwana Shauri alikaa mbele, inspekta wa polisi kando yake, na Suleiman na wazee wengine kwenye benchi. Hapa ndipo Koome alipokosea, na ni kosa ambalo Mmeru pekee angelifanya. Kwetu, mtu akisimama barazani hatangulizi ombi. Huanza mbali, hukusanya kuni za maneno yake moja moja, akatuliza, akathibitisha, na ombi huliweka mwisho kabisa, naye hujua kwamba wazee watasubiri, kwa sababu kumkata msemaji kabla ya ombi ni kama kumnyang'anya mtu sahani. Koome alisema hivyo alivyolelewa. Alitandaza ramani yake ya mfuko mezani, akapanga maharagwe, akasimulia Wakamba, Watharaka, Waembu. Akathibitisha, pole pole, kwamba kosa si la kabila lolote, kwa kuwa watu wamebadilika na wizi umebaki pale pale.

Wazee waliitikia kwa vichwa. Hata Suleiman alijikuna kidevu na kusema, "Haki, sikuwa nimefikiri hivyo." Koome alivuta pumzi. Ombi lake lilikuwa tayari: wapangaji wapewe pasi za mwaka mzima, wazee wa safu zote mbili wakae baraza moja, wageni wajulikane.

Bwana Shauri akasimama. "Vizuri sana, Koome. Umefanya kazi nzuri," alisema kwa Kiswahili chake cha ofisini, na alimaanisha, masikini. "Kwa hiyo watu si wabaya. Mahali ndiyo mbaya. Basi hatutafukuza Waembu. Tutaondoa mahali."

"Bwana, mahali si udongo," Koome alisema. "Bado sijafika kwenye—"

"Umefika. Asante." Akachukua kofia yake.

Safu ya Mtoni ilibomolewa kabla ya mvua. Hakuna aliyepakiwa kwenda Embu, hilo lilitimia, na Koome alijishikilia nalo kama mtu anayeshikilia kijiti mtoni. Waliokuwa na vibali waligawiwa vyumba kule nyuma ya Gakoromone, vya mabati mapya, vimepangwa sawasawa kwa namba. Kila familia ilipewa namba ilivyotokea, jirani na yeyote. Bi Rahema alipata chumba kimoja. Siku ya kuhama hakumlaumu Koome. Alimpa sufuria yake ndogo ya chai akasema, "Huko uendako, utajipikia mwenyewe." Koome alilia akiwa amesimama, mtu mzima wa koti, na hakujali nani anamwona.

Yeye alihamishiwa nyumba za wafanyakazi wa serikali, na kazi ikamzonga. Vijana waliofikishwa mahakamani sasa walitoka kwenye vyumba vya namba. Ilipita miezi kadhaa kabla hajapata Jumamosi ya kwenda kumwona mama yule. Alibeba sukari na majani ya chai.

Namba zilikuwa zimefutika kwa mvua. Alimkuta mwanamume mmoja ameketi mlangoni akishona kiatu, Mtharaka kwa sauti yake.

"Ndugu, Bi Rahema anakaa wapi? Mama mzee, mshonaji."

"Rahema? Mimi sijui yeye. Hapa watu nahama kila siku."

"Ana cherehani."

"Aa! Ya cherehani!" Uso wa mtu yule ukang'aa kwa furaha ya kusaidia. "Huyo alikuwa hapa hapa, mlango hii ingine. Lakini alihama. Juzi, mchana. Vijana walikuja na mkokoteni, wakachukua cherehani, wakachukua kitanda, vyombo yote. Mimi mwenyewe nilishika kitanda upande moja, maana ilikwama mlangoni."

Koome aliutazama ule mlango. Ulikuwa wazi kidogo. Aliusukuma.

Bi Rahema alikuwa ameketi sakafuni juu ya gunia, kanga imefunika kichwa, amegeukia ukuta. Chumba kizima kilikuwa kitupu.

"Nilikwenda sokoni tu," alisema. "Niliporudi nikapiga kelele, Koome. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka."

Nyuma ya Koome yule fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni, kiatu mkononi. Alimtazama mama yule, akamtazama Koome, akavua kofia yake.

"Mimi nilisikia," alisema. "Lakini sikujua ni nani."