Jumatatu za Mdogo Wangu

Siku ile katika ofisi ya karani wa mahakama tulikuwa watu watano: karani mwenyewe, polisi aliyemleta mdogo wangu kutoka mahabusu, mdogo wangu, mama muuza samaki jirani yetu, na mimi.

Wazazi wetu walikufa katika vita vya kwanza vya Kongo. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule nikakaanga mandazi katika mtaa wa Birere, na mdogo wangu alipokua akawa msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Alibeba unga wa depo moja, yaani ghala, mifuko miwili ikakosekana njiani, akafungwa. Jaji akakubali atoke kwa dhamana, ambayo sisi Goma twaiita kosyo. Mimi sikuwa na kitu. Mama muuza samaki ndiye aliyetoa mtaji wake wote, aliokuwa anunulie samaki wakavu kule Vitshumbi, kijiji cha wavuvi.

Karani alipomwandikia mama risiti, nilimshukuru karani. "Kwa hiyo kesi imeisha, papa?"

Polisi akacheka. "Huyu anafikiri amenunua mutu sokoni!"

"Hii si faini," karani akasema. "Kesi haijaanza vizuri. Pesa inakaa hapa ili mutoto arudi. Akija kila anapoitwa mpaka mwisho, mama anarudishiwa yote. Akikimbia, inakwenda kwa serikali."

Kisha akasoma masharti. Asitoke mjini bila ruhusa. Asikanyage kwenye depo. Asiende mpakani. Kila Jumatatu ajionyeshe kwa mwendesha mashtaka.

Mdogo wangu akauliza kama amekwisha kuonekana mwizi, mbona anafungwa kamba nyingi hivi.

"Hakuna anayejua kama wewe ni mwizi," karani akamjibu. "Ndiyo maana unalala nyumbani. Lakini depo kuna mashahidi, na wakikuona kila siku mlangoni, watasahau kwa woga walichoona. Na mpaka uko hapo tu. Ukivuka, nani atakutafuta?"

Akamgeukia mama. "Wewe, mama, unajua unachosaini? Hausemi kwamba hakuiba. Unasema atakuja."

"Kama hakuja nitamleta kwa sikio," mama akajibu, akasaini.

Zikapita Jumatatu nyingi. Mama, kwa kuwa hakuwa na mtaji, aliuza samaki wa wanawake wengine na kupewa kidogo jioni. Hakutaja pesa yake hata mara moja.

Ikaja Jumapili ambayo mizinga ya waasi ilisikika upande wa Munigi, nje kidogo ya mji. Kesho yake asubuhi askari wa serikali walikuwa wakishuka barabarani bila mpangilio, na mtaa mzima ukabeba magodoro kuelekea mpakani, kuvuka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda.

"Yaya, twende," mdogo wangu aliniambia, kwa jina tunalomwitia ndugu mkubwa. "Vita haisomi karatasi ya jaji."

Nilimwambia tumuulize kwanza aliyetusainia. Tulimkuta mama akifunga mlango wake.

"Nendeni," akasema. "Pesa ni samaki. Huyu ni mutu. Mimi nitalala parokia, miguu yangu haifiki mpakani."

Mdogo wangu alimtazama, akatazama watu waliokuwa wakipita. Niliogopa kumwambia abaki, niliogopa pia kumwambia aende.

"Leo ni Jumatatu," akasema. "Nikajionyeshe kwanza."

Tukatembea sisi wawili tu kinyume cha watu wote. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa imefungwa. Karani yule tulimkuta jengo la jirani, akifunga majalada kwa kamba.

"Umekuja leo?" alisema. "Leo hata mimi sikupaswa kuja!"

Tulimwomba ruhusa ya kuvuka. Akasema ruhusa si yake kutoa, na wa kuitoa ameshapanda boti ya Bukavu. Aliloweza ni kuandika kwamba mdogo wangu ameonekana. Akaandika, akagonga muhuri.

Mdogo wangu aliikunja ile karatasi. "Basi tunabaki," akasema. Tulilala parokia siku nne pamoja na mama, tukipika maharagwe yake. Waasi walisimama nje ya mji, hawakuingia, na watu wakaanza kurudi.

Miezi mingine ikapita kabla kesi haijasikilizwa. Mtunza depo alikubali mbele ya jaji kwamba siku ile hakuhesabu mifuko ilipopakiwa. Mdogo wangu akaachiwa kabisa. Mama akaenda na risiti yake, akapewa pesa yote, noti kwa noti.

Lakini barabara ya Vitshumbi ilikuwa imekuwa mbaya na samaki wamepanda bei. Pesa iliyokuwa ikinunua vikapu sita sasa ilinunua vitatu. Nilimwambia vile vilivyopungua ni juu yetu.

"Acha hesabu, mwanangu," akasema.

Sikuacha. Kikapu kimoja tulimpelekea mwaka uliofuata. Viwili bado.